Gharama ya kilo moja ya sato wa bwawani: maana yake na namna ya kuipata

Ukimuuliza mfugaji wa Kigamboni au Chanika bwawa lake limempa faida gani, mara nyingi atakutajia alichouza: "Nimetoa milioni moja na elfu themanini." Hayo ni mapato. Faida haijulikani mpaka ijulikane kilo moja ya samaki imemgharimu shilingi ngapi kufika mikononi mwa mnunuzi. Hiyo ndiyo gharama ya kilo moja: fedha zote zilizoingia kwenye bwawa kwa msimu mmoja, zigawanywe kwa kilo zilizovuliwa. Kugawanya ni kazi ya dakika moja. Ugumu uko kwenye kujua kipi kihesabiwe juu na kilo ngapi ziandikwe chini.

Tuanze na kilo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hujipunja kabla hata hawajachimba. Chukua bwawa la mita 10 kwa 15, yaani mita za mraba 150, lenye kina cha kama mita moja. Bila mashine ya kupulizia hewa, samaki watatu kwa kila mita ya mraba ni idadi ya salama, kwa hiyo unapanda vifaranga 450. Wapande madume watupu. Sato wakichanganyika majike na madume huanza kuzaana wakiwa bado wadogo, kisha bwawa linajaa vitoto vinavyokula chakula kilekile na hakuna anayefika uzito wa kuuzwa.

Vifaranga 450 hawatoi samaki 450. Mdiria, kenge, vyura na safari ya ndoo kwenye pikipiki huchukua sehemu yao, na wengi hufa mwezi wa kwanza. Kwa bwawa lililozungushiwa wavu na kufunikwa nyuzi juu, weka asilimia 80, yaani samaki 360. Kwa maji ya joto la Dar es Salaam na chakula kizuri, baada ya miezi 7 tegemea wastani wa gramu 300. Jumla ni kilo 108. Mtu akikuambia gramu 500 kwa miezi 6 katika bwawa kama hili, muulize alipima wangapi. Huenda alimpima yule mkubwa aliyeruka mbele ya wavu.

Sasa juu ya mstari. Bei zifuatazo ni za mfano tu, ili hesabu ionekane. Weka zile ulizotajiwa dukani na kwa mzalishaji wa vifaranga.

Kitu kizito kuliko vyote ni chakula, na kipimo chake ni uwiano wa chakula kwa uzito: kilo ngapi za chakula zinatoa kilo moja ya samaki. Punje bora zinazoelea, zikilishwa kwa makini, hutoa uwiano wa karibu 1.5 hadi 1.8. Tukitumia 1.7, kilo 108 za samaki zinahitaji takriban kilo 184 za chakula. Kwa 2,800 kwa kilo ni 515,200. Vifaranga 450 kwa 250 kila mmoja ni 112,500. Usafiri wao 40,000, chokaa na mbolea ya kuandaa bwawa 30,000, umeme wa pampu kwa miezi 7 ni 105,000, na kukodi wavu na watu siku ya kuvua 50,000. Mpaka hapo ni 852,700, sawa na kama 7,900 kwa kilo. Ukiuza kwa 10,000 unaona umebakiwa na 2,100 kwa kila kilo, na wengi huishia hapo wakifurahi.

Lakini kuna mtu aliyelisha asubuhi na jioni siku 210. Hata kama ni wewe au mdogo wako, ana thamani. Tumuwekee 30,000 kwa mwezi, tupate 210,000. Kisha kuna bwawa lenyewe. Mchanga wa pwani haushiki maji, kwa hiyo Kigamboni utatandika plastiki nzito ya bwawa. Sehemu zenye mfinyanzi, kama kwenye mabonde ya Mpiji na Mzinga, maji hukaa bila plastiki, ila masika yakipita huko samaki huondoka na mafuriko. Tuseme uchimbaji, plastiki na wavu ni 2,400,000 na vitatumika misimu 8 kabla plastiki haijachoka. Kila msimu unabeba 300,000.

Jumla sasa ni 1,362,700. Gawanya kwa 108 upate kama 12,600 kwa kilo. Bwawa lilelile, samaki walewale, na mauzo ya 10,000 ni hasara.

Zote mbili ni hesabu halali, ila zinajibu maswali tofauti. Ile ya 7,900 inajibu: bwawa tayari lipo na kazi nafanya mwenyewe, nipande msimu huu au niliache likauke? Panda. Ile ya 12,600 inajibu: nitoe akiba yangu nichimbe? Kwa bei hizi, bwawa moja la ukubwa huu usichimbe. Makosa mengi huanza pale mtu anapotumia jibu la swali la kwanza kuamua la pili. Mabwawa mawili yakilishwa na mtu yuleyule kwa malipo yaleyale, gharama inapungua karibu 970 kwa kilo. Ukipata kiwanja cha mfinyanzi kisichohitaji plastiki, inapungua zaidi.

Uwiano wa chakula nao unahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu watu huulaumu mfuko wa chakula wakati tatizo liko majini. Turudi kwenye bwawa letu. Tuseme kenge wamepita usiku, waliobaki ni 270 badala ya 360, nawe hujui. Unaendelea kupima chakula cha samaki waliokwisha kuliwa. Mwishoni umetumia kilo zilezile 184, umevua kilo 81, na uwiano umekuwa 2.3. Gharama ya kilo imepanda hadi kama 16,800. Chakula hakikuwa kibaya. Kililiwa na maji. Na kikioza kinachukua hewa, maji yanakuwa kijani kizito, na ikifika saa kumi na moja alfajiri utawakuta samaki wamepanga midomo juu wakihema. Ukiona hivyo, simamisha chakula siku hiyo na ingiza maji mapya. Kipimo cha kawaida: zamisha mkono ukiwa umenyooka; kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yamezidi kukolea, usiongeze mbolea.

Dawa ya kulisha mizimu, yaani samaki waliokwisha kuliwa, ni mbili. Kwanza, lisha saa nne asubuhi na saa kumi jioni, jua likiwa limelitia bwawa hewa, ukirusha kidogo kidogo mahali palepale. Punje zikibaki zinaelea baada ya dakika kumi, umezidisha, kesho punguza. Pili, pima kila mwezi. Vua samaki kama 30 bila kuchagua, wapime pamoja ndani ya ndoo yenye maji uliyokwisha kuipima. Wakiwa kilo 4.5, wastani ni gramu 150. Ukikadiria wamebaki 380, bwawani kuna kilo 57. Asilimia 3 ya hizo ni kama kilo 1.7 za chakula kwa siku, mgao wa mara mbili. Usiwape chakula asubuhi ya kupima, na usiwashike kwa mikono mikavu. Magamba yakitoka vidonda huingia.

Kupima huko ndiko kunakokuonyesha pia siku ya kuvua, jambo ambalo watu hulipanga kwa kalenda. Samaki akikua, kila gramu mpya inakula chakula zaidi kuliko ile ya zamani. Angalia bwawa letu mwezi wa saba. Samaki 360 wakiongeza gramu 2 kila siku, ni kilo 0.72, sawa na shilingi 7,200 kwa bei ya 10,000. Siku hiyohiyo wamekula asilimia 1.8 ya uzito wao, karibu kilo 1.94, yaani kama 5,440. Ongeza 1,000 ya mlishaji na 500 ya umeme: 6,940. Umebakiwa na 260 kwa siku, na bado kuna hatari ya mwizi na ya maji kuchafuka. Ukipima ukakuta wanaongeza gramu 1.5 tu, kuongezeka kwao ni shilingi 5,400 na kuwatunza ni zaidi ya 6,900. Vua. Kinachoweza kubadilisha uamuzi ni mnunuzi anayelipa zaidi kwa kilo ya samaki wakubwa, kwa mfano mgahawa unaotaka mmoja ajae sahani. Huyo awe ameshakubali bei kabla hujaongeza mwezi.

Kwa hiyo mwezi wa kupanda una uzito. Vifaranga wakiingia Septemba, wanapita miezi ya joto yote na kuvuliwa Machi au Aprili. Wakiingia Februari, miezi yao ya mwisho inaangukia Juni hadi Agosti, kipupwe kinapopoza maji, hamu ya kula inashuka, na miezi 7 inaweza kuwa 8 au 9. Kila mwezi wa ziada unaleta 45,000 za mlishaji na pampu katika mfano wetu, kabla ya chakula.

Jambo la mwisho ni mzani wa kuuzia. Kilo 108 ni samaki wazima waliotoka majini. Mnunuzi akitaka waliotolewa matumbo na magamba, kilo zinapungua huku gharama ikibaki ileile. Wapime mbele yake wakiwa wazima, mkubaliane bei ya kilo hiyo, ndipo kisu kiingie. Au gawanya gharama yako upya kwa kilo za waliosafishwa kabla hujamtajia bei.