Mabaki ya mbao: kutumia anomia kueleza udokozi katika mji unaobadilika haraka

Katika insha za sosholojia ya mwanzo ninazosahihisha, kuna sentensi moja ninayokutana nayo mara nyingi: mji umekua, mshikamano wa kimekanika umevunjika, anomia imeingia, wizi umeongezeka. Istilahi zote za mwanasosholojia Mfaransa Emile Durkheim zimo humo, lakini hakuna kilichoelezwa. Mwandishi amezipanga foleni tu na kutuacha tuamini kwamba ya kwanza ndiyo iliyoizaa ya pili.

Kosa liko katikati ya sentensi. Katika kitabu chake cha mwaka 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi, Emile Durkheim hakusema kwamba mshikamano wa zamani ukiondoka kinachobaki ni ombwe. Alisema unapokewa na mshikamano mwingine. Wa kimekanika huwashika watu kwa sababu wanafanana: kazi ileile, imani ileile, hasira ileile mtu anapovunja mwiko. Wa kioganiki huwashika kwa sababu wanatofautiana na hivyo wanahitajiana, kama fundi anavyomhitaji msafirishaji naye msafirishaji anavyomhitaji karani. Kwa hiyo mji mkubwa wenye kazi za kila aina unaweza kuwa imara kabisa. Anomia kwake ni hali isiyo ya kawaida ya mgawanyo wa kazi: mahusiano mapya yameshaanza, ila kanuni za kuyaongoza bado hazijapata muda wa kukomaa. Kwa hiyo suala ni kasi. Mwanafunzi akishalishika hilo, insha yake inabadilika.

Tuchukue mji wa kubuni. Ulikuwa na watu 20,000, kikajengwa kiwanda, na baada ya miaka 8 una watu 60,000. Wizi mdogo mdogo ulioripotiwa umetoka matukio 100 kwa mwaka hadi 450. Ukiandika kwamba wizi umeongezeka mara nne na nusu, umeshateleza. Matukio 100 kwa watu 20,000 ni 5 kwa kila watu 1,000, na matukio 450 kwa watu 60,000 ni 7.5. Ongezeko halisi ni la nusu. Hata hiyo nusu ina mambo mawili ndani yake. Kiwanda huvuta vijana, na vijana wa kiume ndio wanaokamatwa zaidi kwa makosa ya aina hii katika sehemu nyingi, kwa hiyo sehemu ya ongezeko ni suala la umri tu.

Jambo la pili ndilo ninalolipenda zaidi. Zamani ndoo ikiibwa, majirani walijua ni kijana wa nani, mzazi akaitwa, ndoo ikarudi usiku huohuo bila karatasi yoyote kuandikwa. Sasa jirani hamjui jirani, na mlango pekee uliobaki ni wa polisi. Takwimu zinaweza kupanda hata kama mkono wa mdokozi haujaongeza kasi. Wanafunzi wengi wakiliona hili huliogopa, wakidhani limeua hoja yao. Kumbe ni ushahidi kwamba mshikamano wenyewe umebadilika: kazi ya kukemea imetoka kwa watu wanaojuana na kuhamia kwa chombo maalumu. Liandike waziwazi, kisha ueleze ongezeko linalobaki.

Hapo ndipo anomia inapofaa, na inafaa ikiwa tu utaonyesha kanuni ipi haipo. Tuseme wizi mwingi unatokea kwenye maeneo ya ujenzi: mbao, misumari, vipande vya nondo. Katika mji wa zamani seremala alifanya kazi na vijana aliowafundisha mwenyewe, na ilijulikana bila kuandikwa kwamba vipande vifupi ni vya mwanagenzi. Sasa mkandarasi ameajiri vibarua 200 kwa siku moja moja. Hakuna aliyesema mabaki ni ya nani. Kibarua anayetoka na ubao mfupi begani hajioni mwizi, anachukua alichozoea kuwa haki yake. Mlinzi anamwona mwizi. Mkandarasi leo anafumbia macho, kesho anaita polisi. Watu watatu wanatazama tendo moja na kila mmoja analipima kwa kipimo chake. Hiyo ndiyo anomia katika umbo lake la 1893, na inaeleza ongezeko la kesi bila kudai kwamba watu wameharibika tabia.

Umbo la pili la dhana hii liko katika utafiti wake wa mwaka 1897 kuhusu kujiua. Huko anasema tamaa za binadamu hazina kikomo ndani ya mwili wake. Kikomo huwekwa na jamii, kwa maoni ya pamoja kuhusu nani anastahili nini. Mabadiliko ya ghafla yakivuruga maoni hayo, tamaa hubaki bila breki, na hilo hutokea mambo yanapoharibika na pia yanaponawiri ghafla. Ndiyo maana aliona kwamba umaskini wa kudumu, peke yake, huwa kinga. Ukiandika basi kwamba watu wanaiba kwa kuwa ni maskini na hiyo ni anomia, umemgeuza Durkheim kichwa chini.

Pengine unamwandika mwanasosholojia Mmarekani Robert Merton bila kujua. Makala yake ya mwaka 1938 ililichukua neno hilo na kulipa kazi nyingine: jamii inawasisitizia wote lengo moja la mafanikio, huku njia halali za kulifikia zikiwa wazi kwa baadhi tu. Kwake tatizo limo katika muundo wenyewe, na linaweza kudumu hata katika mji usiobadilika. Unaruhusiwa kumtumia, lakini mtaje, na usichanganye madai ya wawili hao katika aya moja.

Kuna mpaka mwingine ambao insha yenye uaminifu huutaja. Durkheim alitumia anomia kueleza migogoro ya kazi na kujiua. Kuhusu uhalifu, mwaka 1895 aliandika kwamba kiwango fulani chake ni cha kawaida katika jamii yoyote, na katika kitabu cha 1893 alikuwa ameshasema kwamba adhabu huimarisha hisia za pamoja. Kuipeleka anomia kwenye udokozi ni hatua unayoichukua wewe, kwa hiyo ni lazima uitetee kwa mfano kama ule wa mbao.

Utajuaje kama maelezo yako yana ukweli? Nadharia ya kasi inatabiri kitu kinachoonekana: wizi unapaswa kupanda katika miaka ya mabadiliko makali, kisha kushuka kanuni zinapokomaa, hata kama mji unabaki mkubwa. Mkandarasi na vibarua wakikubaliana kwamba vipande vilivyo chini ya urefu fulani ni vya kibarua, na kesi za mbao zikapungua, anomia imepata ushahidi wake.

Lakini ikiwa kanuni imeshawekwa, inajulikana na kila mtu, inasema kila kipande ni cha mwenye mali, na mbao bado zinatoweka, acha kuandika anomia. Kitabu kilekile cha 1893 kina hali nyingine isiyo ya kawaida, mgawanyo wa kazi wa kulazimishwa, ambapo kanuni ipo ila walio chini yake hawaioni kuwa ya haki. Kibarua huyo anaijua sheria vizuri, anachokosa ni sababu ya kuiheshimu.