Kukaimu si kupanda cheo

"Nimekaimu umeneja miezi mitatu hapa Dodoma. Mwenye cheo amerudi, na posho imekatwa. Si wamenishusha mshahara?"

Hapana, ndugu yangu, mshahara wako haujaguswa. Kilichoisha ni posho ya kukaimu, na barua ndiyo iliyopaswa kukueleza itaisha lini.

Tuseme mshahara wako ni 900,000 na wa meneja unaanzia 1,400,000. Barua nzuri haiandiki "mshahara wako sasa ni 1,400,000." Huandika: "Utaendelea na mshahara wako wa 900,000, na utalipwa posho ya kukaimu 500,000 kwa mwezi, kuanzia 1 Aprili hadi 30 Juni, au hadi mwenye cheo atakaporejea, lolote litakalotangulia." Maneno hayo ya mwisho ndiyo watu huyaruka, na ndiyo yenye uzito. Meneja akirudi kazini asubuhi ya 13 Juni, umekaimu siku 12 kati ya 30, basi posho ya Juni ni 200,000 kabla ya kodi. Barua itaje pia hesabu hiyo ya siku, maana bila hiyo mhasibu na wewe mtavutana.

Kinachoniuma ni barua isiyo na tarehe ya mwisho: "utakaimu hadi utakapoarifiwa." Ukipewa hiyo, omba tarehe iandikwe kabla hujasaini. Na 30 Juni ikifika mwenye cheo hajarudi, usiendelee kimyakimya. Dai barua ya kuongezewa muda, yenye tarehe na kiasi chake.