Sauti isiyokuona inakuelekezaje macho?

"Ile sauti ya kwenye hedifoni za makumbusho ilirekodiwa zamani na wala hainioni. Sasa inajuaje nimesimama wapi, hadi iniambie 'tazama juu kushoto' na kweli nikitazama kitu kipo?"

Haijui. Aliyeiandika amekupanga wewe kwanza. Kabla hujaambiwa utazame nini, uliambiwa usimame wapi, na pengine hukugundua kwamba hilo lilikuwa agizo. Sauti ni kipofu anayezungumza na mtu mwenye macho, kwa hiyo njia yake pekee ni kuhakikisha mwenye macho yuko mahali ambapo maneno yatakuwa ya kweli.

Zamani shida hii ilitatuliwa kwa mabavu. Mwaka 1952 jumba la Stedelijk mjini Amsterdam lilirusha maelezo kwa mawimbi ya redio ndani ya kumbi zake, na wageni wakayapokea kwa vifaa vya masikioni. Matangazo yalikuwa yaleyale kwa kila mtu kwa wakati uleule, basi kundi zima likawa linageuka na kusogea pamoja kama kwaya. Ukichelewa kwenye picha moja, sauti imeshahamia ya pili. Kanda za kaseti zilizofuata zilimpa kila mgeni mashine yake, lakini utepe nao una mwendo mmoja tu wa kwenda mbele. Siku hizi unabonyeza namba iliyobandikwa kando ya kitu, na kipande chake kinaanza. Kipande hicho ndicho tunachokiita kituo, na kwa kawaida ni dakika moja au mbili za maneno.

Namba ilileta uhuru, pamoja na tatizo ambalo wengi hawalioni. Kibandiko chenye namba kiko kando ya kitu, kwa kawaida chini na pembeni. Mgeni anakisogelea, anainama, anaisoma namba, anaibonyeza. Sauti inapoanza, amesimama palepale: karibu mno, upande mmoja, na macho yake yako kwenye kifaa. Kama sentensi ya kwanza ni "huyu mwanamume wa kushoto", anatafuta kushoto kwa mahali ambapo hapaswi kuwa. Ndiyo maana kituo kilichoandikwa vizuri huanza na miguu: rudi nyuma, simama katikati, uone kitu chote. Macho yanafuata. Kisa huja mwisho.

Mpangilio huo una sababu ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Roger Cooper alionyesha kwamba mtu anayesikiliza huku picha ziko mbele yake huyapeleka macho kwenye kile kinachotajwa, bila kuambiwa afanye hivyo. Tafiti za baadaye zilipima kasi hiyo, na jicho huanza kuondoka kiasi cha moja ya tano ya sekunde baada ya neno kuanza kusikika. Maana yake kwa mwandishi ni kwamba kila nomino ni amri. Ukisema "taji" kabla ya kusema liko wapi, macho yameshaondoka kwenda kuwinda taji popote, na maneno yako manane yanayofuata yanasikilizwa na mtu aliye mawindoni. Ukisema kwanza "kwenye kona ya juu, kulia kwako", macho yanafika pale kisha yanapewa taji.

Tuchukue mfano mmoja tuutembee. Kwenye jumba la National Gallery, London, kuna mchoro wa Hans Holbein wa mwaka 1533 unaojulikana kama *The Ambassadors*. Una upana na urefu wa zaidi ya mita mbili, na ndani yake wanaume wawili wamesimama, kila mmoja karibu na ukubwa wa mtu halisi. Kati yao kuna kabati la rafu mbili lililojaa vyombo. Chini, mbele ya miguu yao, kuna umbo refu la ajabu lenye rangi ya mfupa, limekaa mshazari. Ukilitazama kutoka mbele halieleweki. Ukienda upande wa kulia wa picha, karibu na ukuta, ukatazama kwa pembeni, linajikusanya na kuwa fuvu la mtu.

Kituo cha mchoro huu hakiwezi kufanya kazi bila mgeni kutembea. Mimi ningekiandika hivi, na mabano ni sekunde za kimya:

"Rudi nyuma hatua tatu, usimame mbele ya katikati ya picha. (5) Wanaume wawili, wakubwa kama wewe. Kati yao, rafu mbili. Shuka hadi rafu ya chini. Upande wako wa kulia kuna chombo cha muziki chenye tumbo la mviringo, ndugu wa udi. Zifuate nyuzi zake, mmoja baada ya mwingine. (4) Umeuona? Uzi mmoja umekatika."

Angalia kwamba macho hayakurushwa. Yalitoka kwenye kikubwa kisichokosekana, yaani watu wawili, yakaingia katikati, yakashuka, yakaenda kulia. Kila hatua inaanzia pale ambapo ya kabla yake iliishia, kama mtu anayekuelekeza nyumba: ukifika kwenye mti, ingia mkono wa kulia. Na ule uzi uliokatika umetajwa baada ya kimya. Ukiutaja mapema, mgeni anathibitisha tu ulichosema. Ukimpa sekunde nne, wapo watakaouona wenyewe, na wasiouona watageuza macho mara moja neno likitajwa, kwa sababu tayari wako kwenye nyuzi.

Kisha tunaendelea:

"Shuka tena, hadi chini kabisa, mbele ya miguu yao. Lile umbo refu, la rangi ya mfupa. Usihangaike kulielewa ukiwa hapo. Tembea kuelekea kulia kwako, uufikie ukingo wa fremu, upite kidogo. (8) Sasa geuka, uitazame picha kwa pembeni, kama mtu anayechungulia kupitia mlango ulioegeshwa. (5) Ni fuvu."

Sekunde nane za kimya zinamtisha mtayarishaji yeyote wa sauti. Studioni zinasikika kama hitilafu. Lakini mgeni yuko kwenye chumba chenye watu, anapita nyuma ya baba mwenye mtoto begani, anasubiri mtu mwingine aondoke pale ukingoni. Kama unaogopa kimya kabisa, weka sauti hafifu inayoonyesha kwamba mashine haijafa, au gawa kituo viwili ili mgeni abonyeze mwenyewe akifika. Usimjazie mwendo kwa historia ya familia ya mchoraji. Mtu anayetembea katikati ya watu anasikia nusu, na hiyo nusu itakuwa ndiyo isiyo na maana.

Kulia na kushoto nako kuna mtego. Mkono wa kulia wa mtu aliyechorwa akikutazama uko kushoto kwako. "Mkono wake wa kulia" na "mkono ulio kulia kwako" ni mikono miwili tofauti, na msikilizaji hana mtu wa kumuuliza. Ninachofanya ni kuchagua upande wa mgeni tangu mwanzo hadi mwisho, na kusema "wako" kila ninapoweza. Wapo wanaopenda kuelekeza kwa uso wa saa, njia inayotumika sana kwa wageni wasioona wanapoelezwa vitu vilivyo mbele yao. Kwa Kiswahili ningeiacha. Saa yetu tatu, mshale mfupi uko kwenye tisa. Mwambie msikilizaji "tazama upande wa saa tatu" na nusu ya ukumbi itageukia kulia, nusu kushoto, na wote watakuwa sahihi.

Lakini lugha hii inamlipa mwandishi kwa njia nyingine. "Hiki" na "kile" vinapima umbali. Ukiandika "kikombe hiki" kwa mtu aliye upande wa pili wa ukumbi, sikio linakataa kabla ya akili kujua sababu. Ukianza na "kikombe kile, kwenye kabati la kioo lililo mbele", kisha ukamtembeza, halafu ukasema "kikombe hiki", umemthibitishia kwamba amefika, bila kuongeza sentensi. Hilo ni kiungo kizuri kati ya kitu kimoja na kingine ndani ya chumba: kile unakiona kwa mbali, hiki umekifikia.

Kuna mitambo inayoanzisha sauti yenyewe unapokaribia, kwa mawimbi ya bluetooth. Inasaidia kwenye kumbi kubwa, ila inakisia kwa mita, si kwa vidole, na haijui umegeukia wapi. Kabati mbili zikikaribiana, unaweza kusimuliwa moja huku unaitazama nyingine. Simu yenye picha ya kitu kwenye kioo chake ina ugonjwa wake: macho yanabaki kwenye ile picha ndogo huku kitu chenyewe kiko mbele.

Kosa linalouma kuliko yote, hata hivyo, halitoki kwenye maandishi. Kitu kinahamishwa, sauti inabaki. Nilisimama siku moja kwenye jumba ambalo sitalitaja, naambiwa nigeuke nyuma nione ngoma kubwa, na nyuma yangu pana kizimamoto. Nikarudia kituo kile mara mbili, nikidhani mimi ndiye nimekosea. Ndipo nilipoacha kuelekeza kwa kutumia jirani wa kitu. "Karibu na mlango" inadumu zaidi kuliko "kando ya sanamu", kwa kuwa mlango hauazimwi kwenda maonyesho ya mji mwingine.

Kituo hakikaguliwi mezani. Rekodi rasimu kwa simu, mpe mtu asiyeujua ukumbi, kaa kwenye benchi mbali kidogo bila kusema lolote, utazame kichwa chake. Kikienda kushoto, kikarudi kulia, kikaenda tena kushoto, kuna neno la mahali limekosekana. Akiitazama mashine, amepotea na anataka kurudisha nyuma. Akiondoka sauti ikiwa bado inasema, alishamaliza kabla yako. Kwenye ule mchoro wa fuvu dalili ni rahisi zaidi: akifika ukingoni mwa fremu hushusha kichwa kidogo, akakiinua, kisha akatulia. Pima sekunde kutoka pale alipogeuka hadi alipotulia, fanya hivyo kwa watu watano au sita, na neno "fuvu" liweke baada ya yule aliyechelewa kuliko wote.