"Fundi nibadilishie kila kitu": dhana potofu kuhusu kutoa mitindo kadhaa kwa picha moja

Wiki haipiti bila mteja kuniletea picha ya gauni kwa simu aniambie, "Fundi, hii naipenda lakini nataka tofauti, badilisha shingo, mikono, kiuno, urefu, kila kitu." Halafu nikimchorea michoro minne ambayo kila mmoja una kitu kimoja tu kilichobadilika aguna, eti nimemfanyia kazi nusu. Sasa leo ntasema.

Dhana: ukibadilisha vitu vingi kwa pamoja ndio waona tofauti.

Wapi! Waona nguo nyingine, na ikikosa kupendeza hujui kosa liko wapi. Kuna dada alikuja na picha yake amevaa gauni la krepe, shingo duara, mikono ya kwenye kiwiko, sketi ya A iliyoishia katikati ya shavu la mguu. Asema lamfanya mfupi na ana hakika ni shingo. Mimi huichapisha picha kwa A4, naweka karatasi ya kutresi juu, nachora mabega, shimo la mkono, kiuno, pindo na mstari wa katikati mbele. Huo ndio mchoro mama na hauguswi tena. Nikatresi mara nne kutoka kwa huo mama, wa kwanza shingo ya V peke yake, wa pili mikono ikashuka hadi kwenye kifundo cha mkono, wa tatu kiuno kikapanda sentimita 4, wa nne pindo likashuka mpaka chini, karibu na kifundo cha mguu. Tukavipanga kando kando mezani. Shingo ya V ilisaidia kidogo tu, kiuno kikaifanya sketi ionekane ndefu sawa lakini juu pakabanwa, mikono ikatoa ule mstari uliokuwa ukimkata kati usawa wa kiuno, na pindo ndilo lililomaliza kazi, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa laishia pale shavu la mguu ni nene kabisa na jicho lilikuwa lasimama hapo. Shingo aliyoilaumu haikuwa na shida. Tukachukua pindo na mikono, shingo na kiuno vikabaki vilivyokuwa.

Na hapa ndipo hata mafundi wenzangu hukosea, wachora wa pili juu ya wa kwanza, wa tatu juu ya wa pili, wakifika wa nne ushakuwa na mabadiliko manne na hakuna tena cha kulinganisha. Rudi kwa mama kila mara, jamani! Na uandike pembeni umebadilisha nini, kesho hutakumbuka.

Dhana: ni kitu kimoja tu, basi bei na kitambaa ni vile vile.

Kwa karatasi ni kimoja, kwa paterni kinavuta jirani zake. Lile pindo la dada lilishuka sentimita 20 na sketi ya A ikishuka hutanuka pia. Kitambaa chake kilikuwa na upana wa mita 1.5, vipande vya mbele na nyuma vilikuwa vyalala kando kando, vilipotanuka havikutosha tena, ikabidi kimoja kikatwe chini ya kingine, ndio maana nilimwambia aongeze kitambaa karibu urefu wa sketi nzima. Mkono wa puto nao ni hivo hivo, wataka kichwa cha mkono kifunguliwe kiongezwe upana na kimo, na mshono wa bega upunguzwe sentimita 1 hadi 1.5 ili puto likae juu ya bega, la sivyo laning'inia. Sasa mtu akiniambia "si mkono tu" mimi huvuta pumzi.

Dhana: picha yoyote yafaa.

Haifai. Ukipigwa picha simu ikiwa juu ya kichwa miguu yawa mifupi, na nitakuwa narekebisha kosa la kamera. Simu iwe usawa wa tumbo, mpigaji arudi nyuma kama mita 3 kisha azuum, usitumie ile lenzi pana, simama wima na mikono iachane na mwili kidogo ili kiuno kionekane. Na mgongo pia pigwa, zipu haionekani kwa mbele.

Dhana: picha ya mbunifu mwingine ukibadilisha asilimia 30 yawa yako.

Hiyo asilimia haimo kwa sheria yoyote ya Kenya. Mtindo uliosajiliwa KIPI, ile taasisi ya serikali inayosajili ubunifu, una mwenyewe, na kubadilisha mkono hakukufanyi wewe ndiye mwenyewe. Kwa hivo mimi huanza na picha ya nguo niliyoikata mwenyewe, ambayo paterni yake ninayo, na hilo lanipunguzia kazi kwa sababu mabadiliko ya mchoro nayapima moja kwa moja juu ya paterni badala ya kukisia kutoka kwa picha.