VPN au laini maalumu kwenda klaudi: vitu ambavyo watu wanachanganya

Dhana: VPN ni slo, ukivuta laini maalumu mafaili yatapaa

Hii ndo inakula hela za watu. Chukua ofisi iliyo mbali na klaudi, paketi inaenda na kurudi kwa milisekunde 80. Programu ya bakapu inatuma kilobaiti 64 halafu inasimama kusubiri jibu ndo itume tena, sasa piga hesabu, kilobaiti 64 kila milisekunde 80 ni kama kilobaiti 800 kwa sekunde, yaani Mbps 6 na kitu hivi. Leta laini ya Gbps 1, muda ukashuka hadi milisekunde 70 kwa sababu njia imenyooka, utapata Mbps 7 na nusu hivi. Basi! Umbali haujahama, na laini uliyonunua imekaa tupu.

Kabla ya kusaini mkataba pima kwanza kwenye VPN uliyonayo, koneksheni moja halafu nane kwa pamoja, huku seva ya klaudi, hapa 10.0.1.20, ikiwa imewashwa iperf3 -s:

```
iperf3 -c 10.0.1.20 -t 30
iperf3 -c 10.0.1.20 -t 30 -P 8
```

Ikiwa nane zinapitisha mzigo mkubwa na bakapu bado inatambaa, njia ni nzima, rekebisha programu itume vipande vingi kwa mpigo. Ila kama unagonga dari kweli (taneli ya VPN ya kawaida ya AWS inaishia 1.25 Gbps), au kasi inapandashuka kila saa za kazi kwa sababu ya intaneti, hapo laini maalumu ina maana.

Dhana: laini maalumu imesimbwa

Hapana, na wengi wanashtuka wakiambiwa. Laini maalumu kama Direct Connect ya AWS au ExpressRoute ya Azure inakwepa intaneti ya umma tu, data ndani inapita wazi usipoisimba mwenyewe. VPN inayopita intaneti ndo inasimba kwa IPsec tangu siku ya kwanza. Ukitaka vyote viwili, pitisha VPN juu ya laini.

Dhana: weka VPN pembeni, laini ikikata itashika yenyewe

Inashika, kama ruti umezitangaza sawasawa. AWS ikiona anwani zilezile pande zote mbili inachagua Direct Connect, ila ruti iliyo finyu zaidi inashinda kila kitu. Sasa jamaa ametangaza 10.20.0.0/16 kwenye laini, na kwenye VPN akaacha 10.20.5.0/24 ya zamani, ambayo ni finyu kuliko /16. Kompyuta za hiyo /24 zinatuma kwa laini, majibu yanarudi kwa VPN, fayawoli haikuona mwanzo wa mazungumzo inayatupa, na watumiaji wa chumba kimoja tu wanalalamika huku wengine wako poa. Ukiona hivyo usianze kuwasumbua watu wa laini, linganisha ruti za pande mbili, halafu zima laini makusudi usiku mmoja uone VPN inabeba nini.