Barafu Baada ya Vyuma: Yanayoaminiwa Kigoma na Yanayotokea Msulini

Barafu ambayo watu wa Kibirizi huinunua kwa ajili ya samaki siku hizi inapata mteja mwingine. Ni kijana aliyetoka kunyanyua vyuma Mwanga au Ujiji, anayetaka kujaza pipa akae ndani mpaka meno yagongane. Ameona kwenye simu wachezaji wa Ulaya wakifanya hivyo, akaamini kwamba hapo ndipo msuli unapojengeka. Wale wachezaji wana sababu yao, nitaifikia. Yeye anatafuta mapaja makubwa na nguvu ya kuruka, na kwa mtu kama huyo pipa la barafu linakula sehemu ya jasho lake.

Dhana: Ukiingia kwenye barafu kila baada ya vyuma, msuli unakua haraka.

Ukweli ni kinyume chake, na umepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wanaume waliofanya mazoezi ya miguu kwa vyuma mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12. Wote walifanya mazoezi yaleyale. Kila wakimaliza, nusu yao walikaa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10 za Selsiasi, na nusu nyingine wakaendesha baiskeli ya mazoezi polepole kwa muda uleule. Makundi yote mawili yaliongeza nguvu, lakini lile la baiskeli liliongeza zaidi, misuli na nguvu pia. Nyuzi za msuli zenye kasi, zile zinazokupa mruko na mbio fupi, zilinenepa kwa asilimia 17 katika kundi la baiskeli. Katika kundi la barafu hazikuongezeka kwa kiwango cha kuonekana.

Sababu iko katika kazi inayoendelea msulini baada ya wewe kuweka chuma chini. Kwa siku moja mpaka mbili msuli unatengeneza protini mpya nyingi kuliko kawaida. Damu inaletwa kwa wingi, na seli za akiba zilizolala pembeni mwa nyuzi za msuli zinaamka kusaidia ujenzi. Ubaridi mkali unabana mishipa ya damu, unapoza msuli wenyewe na kudhoofisha ishara zinazoamuru ujenzi huo uanze. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi waliliona jambo hili ndani ya mtu mmoja mmoja: baada ya mazoezi, mguu mmoja uliwekwa kwenye maji ya nyuzi 8 kwa dakika 20, na mwingine kwenye maji ya nyuzi 30. Wahusika walikunywa protini. Mguu uliopozwa ulitumia protini ile kujengea msuli kwa kiasi kidogo kuliko mguu mwingine. Kwa hiyo kijana anayekula sahani ya migebuka baada ya mazoezi halafu anazama pipani analipia chakula ambacho miguu yake haitakitumia chote.

Dhana: Barafu inazima uvimbe wa ndani, ndiyo maana maumivu yanapungua.

Maumivu yanapungua kweli, hilo halina ubishi. Ubaridi unapunguza kasi ya mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa za maumivu, na mtu anaamka kesho yake akiwa na nafuu. Ila nafuu hiyo si lazima itoke mahali tunapodhani. Watafiti walewale wa Australia walichukua vipande vidogo vya msuli kutoka kwa watu waliokaa kwenye maji baridi na kuvilinganisha na vya siku walipoendesha baiskeli polepole. Dalili za uvimbe ndani ya msuli hazikutofautiana.

Kuna jaribio jingine la Australia, la mwaka 2014, ambalo ningependa kila mwalimu wa timu alijue. Baada ya kukanyaga baiskeli ya mazoezi kwa nguvu zote kwa vipindi vifupi, kundi moja liliwekwa kwenye maji ya nyuzi 10 hivi, jingine kwenye maji ya uvuguvugu, na la tatu kwenye maji yaleyale ya uvuguvugu yaliyotiwa sabuni ya kuogea. Hawa wa mwisho waliambiwa kuwa ni mafuta maalumu ya kurudisha misuli. Siku zilizofuata, kundi la sabuni lilirudisha nguvu ya miguu sawasawa na kundi la barafu, na yote mawili yakalishinda kundi la maji matupu. Imani ina uzito mkubwa katika jambo hili. Hapo pia unaona hatari ya kupima hali ya msuli kwa maumivu peke yake: maumivu yakiisha, msuli unaweza kuwa bado haujamaliza ujenzi, na maumivu yakibaki haina maana kwamba mazoezi yaliharibika.

Dhana: Kuogelea Ziwa Tanganyika jioni ni sawa na barafu.

Maji ya juu ya ziwa letu huwa na nyuzi 25 au 26 hivi muda mwingi wa mwaka. Majaribio niliyoyataja yalitumia nyuzi 8 na 10, na walimu wengi wa timu hutumia kati ya 10 na 15. Kwa hiyo anayeingia ziwani baada ya vyuma asiogope kwamba anaua msuli, wala asijidai kwamba amepata tiba ya barafu. Anapata starehe, mwendo mwepesi wa viungo na mgandamizo mdogo wa maji kwenye miguu. Achague tu sehemu yenye mawimbi na mchanga, mbali na matete na maji yaliyotulia, kwa sababu konokono wa kichocho wanaishi humo.

Pipa nalo hudanganya. Tuseme umeweka lita 200 za maji ya nyuzi 26 na unataka yafike nyuzi 12. Utahitaji karibu kilo 30 za barafu, na hapo sijahesabu joto la mwili wako wala jua linalopiga pipa. Vijana wengi wanatupa vipande vichache vyenye uzito wa kilo tano, wanakaa kwenye maji ya nyuzi 23 au 24 na kutetemeka kwa sababu ngozi ina joto kuliko maji. Bila kipimajoto hujui umefanya nini. Kipimajoto chochote cha maji kinatosha; koroga kwanza ndipo upime, maana maji ya karibu na barafu ni baridi kuliko yaliyobaki.

Dhana: Kuchua misuli kunatoa asidi iliyoganda.

Asidi ya laktiki haigandi. Ukimaliza mbio kali, mwili wenyewe unaitumia na kuiondoa ndani ya saa moja hivi, hata ukikaa tu kwenye benchi. Maumivu yanayokushika kesho na kilele chake keshokutwa hayatokani nayo. Yanatokana na michubuko midogo kwenye nyuzi za msuli, hasa kwa kazi ya kushusha uzito au kuteremka mlima. Ndiyo maana anayeshuka mbio kutoka Mwanga kwenda mjini huumia mapaja kuliko anayepanda.

Kuchua kunapunguza maumivu hayo kiasi, kunalegeza viungo kwa muda, na hakujaonekana kupunguza ukuaji wa msuli kama ubaridi unavyofanya. Kwa anayejenga mwili, kati ya pipa na mikono ya mchuaji, ningechagua mikono. Usitarajie tu kwamba utakimbia kwa kasi zaidi kesho yake.

Hatari iko kwingine. Mchezaji akigongwa goti pajani, damu inavilia ndani ya msuli. Mara nyingi mwenzake huja na dawa ya kuchua inayowasha na kukandamiza kwa nguvu palepale. Kufanya hivyo kunaongeza kuvuja kwa damu, na kwa baadhi ya watu damu iliyovilia inaweza kugeuka kuwa mfupa ndani ya msuli. Dalili ni bonge gumu pajani lisiloisha baada ya wiki kadhaa na goti linaloshindwa kukunja vizuri. Paja lililogongwa lisichuliwe siku za mwanzo. Lifungwe bandeji, lipumzike, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kwa dakika 10 au 15. Hapa barafu ina kazi yake halali, maana unatibu jeraha.

Dhana: Sauna, yaani chumba cha joto kali cha kutokwa jasho, inazuia msuli kukua kama barafu inavyofanya.

Joto halijaonekana kuzuia ukuaji wa msuli. Faida yake inayojulikana zaidi ni kwa wakimbiaji: sauna ya nusu saa hivi baada ya mazoezi, kwa wiki tatu, iliongeza maji ya damu na uvumilivu katika utafiti mdogo wa mwaka 2007 uliofanywa kwa wanaume sita. Kujifukiza chini ya blanketi na sufuria ya maji yanayochemka si sauna. Hewa ya sauna ni kavu na mtu hakai juu ya sufuria inayoweza kumwagikia mapajani. Kilo moja unayopoteza humo ni maji, na inarudi ukinywa.

Dhana: Basi barafu haina maana yoyote.

Hapa ndipo wale wa Ulaya wanapoingia. Mchezaji mwenye mechi Jumatano na nyingine Jumamosi hajengi msuli wiki hiyo. Anataka miguu isiyouma Jumamosi. Kwake nafuu ya haraka ina thamani kuliko nyuzi kunenepa. Na kwa mazoezi ya uvumilivu, kama mbio ndefu, tafiti zilizokusanywa pamoja hazikuona barafu ikipunguza maendeleo. Hasara imeonekana kwenye vyuma.

Chukua beki wa timu ya ndondo ambaye Jumatatu na Alhamisi anachuchumaa na chuma begani, na Jumapili ana mechi. Nje ya msimu wa mashindano, baada ya vyuma anatembea au anaendesha baiskeli polepole kwa dakika 10, anakula samaki na ugali, analala. Pipa haligusi Jumatatu wala Alhamisi. Akilipenda sana, aliingie Jumapili baada ya mechi. Mashindano yakianza na mechi zikawa Ijumaa na Jumapili, anapunguza vyuma mpaka mara moja kwa wiki, na Ijumaa baada ya mechi anakaa kwenye maji ya nyuzi 12 mpaka 15 kwa dakika 10, akiwa na mtu pembeni. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu asiingie kabisa. Vidole vikifa ganzi au mtetemo ukishindwa kutulia, anatoka hata kama dakika hazijaisha.

Na ili ajue kama ubaridi ulikuwa unamrudisha nyuma, aandike kwenye daftari uzito anaochuchumaa nao na idadi ya marudio, Jumatatu kwa Jumatatu. Kama kwa wiki sita au nane namba hazijapanda ilhali anakula na kulala vizuri, na kila zoezi lilimalizikia pipani, aliache kwa muda uleule bila kubadilisha kitu kingine, kisha alinganishe kurasa.