Mashine ya nje ya kiyoyozi huumizwa na hewa yake yenyewe kuliko jua

Mteja akishanunua kiyoyozi cha vipande viwili, swali la kwanza kwa fundi huwa ni la mashine ya ndani: ikae juu ya mlango au juu ya kitanda? Ile ya nje inatafutiwa pa kuifichia tu. Hapo ndipo bili ya umeme ya miaka kumi ijayo inapoamuliwa, na mara nyingi kwa imani zisizo na mguu wa kusimamia. Nitazichukua chache ninazokutana nazo kila msimu wa joto hapa Dar es Salaam.

Dhana: "Jua ndilo linaloiua, ijengee kibanda"

Hii ina sura ya ukweli. Bati la mashine likipigwa na jua la saa saba, ukiligusa linaunguza. Basi watu wanaona mashine inateseka, wanaijengea paa la bati, na wengine wanazungushia na kuta.

Tufanye hesabu kidogo. Mashine ya BTU 12,000, ile ya chumba cha kawaida, inaondoa chumbani joto la kama kilowati 3.5. Kompresa nayo inakula umeme wa kama kilowati 1.1, na umeme huo nao unageuka joto. Jumla ni kilowati 4.6 zinazopaswa kutupwa nje, sawa na birika mbili za umeme zinazochemka bila kuzimwa. Feni inazitupa kwa kupitisha hewa kwenye koili, yaani mabomba ya gesi yaliyovikwa visahani vya alumini, tuseme mita za ujazo 2,000 kwa saa. Kwa kiasi hicho, hewa inatoka ikiwa imepanda kama nyuzi 7 kuliko ilivyoingia.

Sasa jua. Sehemu ya mashine inayopigwa na jua ni ndogo, na joto inalonyonya halizidi sana wati 200. Ukiligawa kwenye hewa ile ile, inapanda kwa chini ya nusu nyuzi. Kituo cha Nishati ya Jua cha Florida kilipima jambo hili kwenye nyumba halisi katika miaka ya 1990 na kikaona kwamba kutia kivuli mashine peke yake hakuwezi kuokoa zaidi ya asilimia 3 hivi ya umeme wa kupoozea.

Kivuli si kibaya. Rangi haipauki haraka, na sponji inayofunika mabomba haipasuki mapema. Mti ulio mbali kidogo, au ukuta wa mashariki usiopigwa na jua la alasiri, ni zawadi, upokee. Lakini kivuli kinachoziba hewa ni hasara tupu, kwa sababu kinakuokolea nusu nyuzi na kukuongezea nyuzi kumi.

Dhana: "Hewa ya moto hupanda juu yenyewe"

Hapa ndipo nitakaa zaidi, maana ndipo kwenye kesi nyingi.

Hewa ya moto hupanda, ndiyo, ikiachwa itulie. Ile inayotoka kwenye feni haijatulia. Inarushwa mbele kwa nguvu, na ikikuta ukuta inatawanyika pande zote: juu, chini, pembeni. Wakati huo huo, mgongo wa mashine unavuta. Hewa iliyogonga ukuta inakuta mvuto huo karibu, inazunguka na kuingia tena kwenye koili ikiwa tayari na moto wake.

Inaporudi, haiongezi nyuzi 7 mara moja ikaishia hapo: kila inapozunguka inapashwa tena, na joto linalundikana. Nusu ya hewa inayoingia ikiwa ni ile iliyotoka, mashine inavuta hewa iliyo nyuzi 7 juu ya ile ya mtaani. Ikifika theluthi mbili, inakuwa nyuzi 14 juu. Mtaani ni nyuzi 33, kama kawaida ya Januari na Februari hapa. Mashine inavuta hewa ya nyuzi 47. Mashine nyingi za kawaida hupimwa uwezo wake hewa ya nje ikiwa nyuzi 35, na kikomo cha nyingi ni nyuzi 43. Zaidi ya hapo yenye inveta, kifaa kinachobadili mwendo wa kompresa, inapunguza mwendo ili ijinusuru, na isiyo na inveta inajizima.

Chukua nyumba ya uswahilini kama Sinza, yenye uchochoro wa sentimita 80 kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa uzio. Mashine imefungwa kwenye breketi, imeachiwa sentimita 10 nyuma. Yenyewe ina unene wa sentimita 30. Mbele ya feni zinabaki sentimita 40, kisha uzio. Mwenye nyumba ameezeka uchochoro kwa bati "isinyeshewe", na mwishoni ameweka mlango wa chuma kwa ajili ya wezi. Uchochoro wenyewe, kama una urefu wa mita nne na kimo cha mita tatu, una hewa isiyofika mita za ujazo kumi. Feni inaimaliza yote kwa kama sekunde 17, kisha inaanza kuivuta ile ile.

Dalili zinakuwa hivi: asubuhi chumba kinapoa vizuri, usiku pia. Kuanzia saa saba mchana kinapoa kidogo tu, na saa nane au tisa mashine ya nje inakata, inakaa dakika kadhaa, inawaka, inakata tena. Ukining'iniza kipimajoto kwenye kivuli barabarani kinasoma 32. Ukikiweka nyuma ya mashine, pale hewa inapoingilia, kinasoma 43. Mbele ya feni, 50. Tofauti ya kuingia na kutoka ni nyuzi 7, yaani mashine inafanya kazi yake sawasawa. Kinachoisumbua ni zile nyuzi 11 zilizo kati ya barabarani na mgongoni.

Ukitoa bati la juu, mgongoni panashuka kufika 37 au hapo. Ukiipandisha mashine mpaka feni iwe juu ya kichwa cha uzio, ikirushia hewa yake mahali peupe, panakuwa 33. Mashine ile ile, gesi ile ile. Ila angalia dirisha la jirani liko wapi kabla hujapandisha. Hewa ya nyuzi 40 ikiingia chumbani kwake mtafikishana kwa mjumbe.

Kipimo hiki kila mtu anaweza kukifanya mwenyewe. Subiri mashine ifanye kazi nusu saa mchana wa jua, pima hewa ya kivulini mbali nayo, kisha pima mgongoni. Tofauti ya nyuzi 2 au 3 inavumilika. Ikifika 5, unalipia umeme wa bure. Ukizidi 8, usishangae mashine ikikata.

Dhana: "Imeishiwa gesi"

Kisa kama hicho cha uchochoroni kwa kawaida huanza kutibiwa kwa kuongeza gesi. Fundi anafika saa nane, anakuta chumba hakipoi, anatoa mtungi. Mashine iliyopungukiwa gesi hudhoofika hata usiku, na mara nyingi utaona barafu au ukungu mweupe kwenye bomba jembamba pale inapounganishwa na mashine ya nje. Inayorudishiwa hewa yake huwa nzima usiku na mgonjwa mchana. Ukiiongezea gesi hiyo ya pili, shinikizo lake la juu, ambalo tayari limepanda kwa sababu ya joto, linapanda zaidi, na inakata mapema kuliko jana.

Dhana: "Mbele tu ndipo pa kuacha wazi"

Watu wengi wanaona feni wanadhani inavuta. Kwa mashine za kawaida za nyumbani, hewa inaingia kwa nyuma na ubavu mmoja, inatoka mbele. Kwa hiyo kuegemeza mgongo ukutani kwa sentimita tatu ni kuiziba pua. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho, ila vingi vinataka kati ya sentimita 10 na 30 nyuma, kama 30 upande usio na vali, kama 60 upande wenye vali ili fundi aingize mkono na spana, na 60 juu. Mbele, vingi vinaomba mita mbili. Ukiambiwa haziwezekani, hakikisha walau hakuna paa na pande mbili ziko wazi.

Grili ya wezi haina tatizo kama nondo zake ni nyembamba na zimeachana. Kinachoharibu ni matofali ya matundu, au zile luva za kupendezesha jengo zilizoinamishwa chini: hewa inagonga luva na kurudi mgongoni. Kwenye maghorofa ya Kariakoo kuna jingine, mashine zimepangwa moja juu ya nyingine ndani ya shimo la hewa la jengo. Ya ghorofa ya sita inavuta joto la zote zilizo chini yake. Mwenye ghorofa ya sita anaweza kubadilisha mashine kila baada ya miaka miwili na asipone, kama hajaihamishia ukuta wa nje.

Dhana: "Ielekeze baharini, ipate upepo"

Upepo ni mzuri ukipita ubavuni. Ukiipiga feni usoni, unashindana nayo na kuirudishia hewa. Kwenye pwani yetu kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ile ile ya joto kali, kutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo kwenye ukuta ulio wazi, mashine iliyoelekezwa huko inapambana na upepo msimu inapohitajika zaidi, mbali na chumvi inayokula visahani vya alumini vya koili. Kama ukuta huo ndio pekee ulio nao, kuna kiongoza hewa, kipande cha bati au plastiki kinachofungwa mbele ya feni na kuielekeza hewa juu au pembeni. Hicho hicho kinasaidia kwenye uchochoro ambao huwezi kuupanua, mradi juu pawe wazi.

Dhana: "Imwagie maji"

Inapoa, kwa dakika chache. Lakini visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na maji yakikauka chumvi inabaki kwenye koili. Baada ya msimu mmoja visahani vinavaa utando mweupe unaozuia hewa, kisha vinaanza kumong'onyoka kama majivu. Maji yafae kwa kuosha vumbi tu, mashine ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu, yawe ya bomba, na yasiwe na presha ya kupinda visahani.